Ongezeko la asilimia 8 lililogeuka kuwa 1

Simu iliingia jioni nikiwa bado kazini, nikatoka hadi kwenye ngazi ili nizungumze kwa nafasi. Dada wa idara ya rasilimali watu ya mahali nilipoomba kazi alinipongeza, akataja mshahara, akaongeza kwamba unazidi ninaoupata sasa kwa asilimia 8. (Alijuaje ninachopata? Nilimwambia mwenyewe kwenye usaili. Aliniuliza nikajibu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Siku hizi nikiulizwa nataja kiwango ninachotafuta, sitaji ninachopokea.) Halafu akauliza, "Kwa hiyo kaka, niandike kwamba umekubali?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Wakati huohuo bosi wangu akawa anapanda ngazi zilezile, nikashusha sauti na kusema kitu cha kwanza kilichonijia: "Nitumie kwa maandishi, dada, keshokutwa nitakupa jibu." Haukuwa ujanja wowote, ilikuwa hofu ya kusikiwa. Lakini sentensi hiyo ndiyo iliyonipa siku mbili, na kila nilichopata baadaye kilitoka ndani ya siku hizo.

Alichonituma kilikuwa barua ya ukurasa mmoja: cheo, tarehe ya kuanza, mshahara kwa mwezi, "likizo ya mwaka siku 25", bima ya matibabu, mchango wa pensheni asilimia 10. Kazini nilipokuwa pia nilikuwa na likizo ya siku 25 na mchango wa asilimia 10. Kwa macho yangu hesabu ilikuwa imekwisha, maana kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mshahara, na mshahara umepanda.

Nilimpigia shangazi, ambaye alifanya kazi ya utumishi maisha yake yote mpaka alipostaafu. Nilimsomea barua neno kwa neno. Hakunipongeza.

"Hiyo ni barua, mwanangu. Mkataba uko wapi? Na kanuni za wafanyakazi?"

"Sijatumiwa, shangazi."

"Basi hujui umepewa nini. Barua ya ofa inataja majina ya vitu. Kanuni ndizo zinazosema vitu vyenyewe ni nini."

Niliandika kuomba rasimu ya mkataba na kanuni za wafanyakazi, nikieleza kwamba nataka kuzisoma kabla ya kusaini. Vilikuja asubuhi iliyofuata bila swali lolote. Nimekuja kujua kwamba ombi hilo halimshangazi mtu. Na kama mwajiri anakataa kukuonyesha kanuni zitakazokubana, hilo nalo ni jibu.

Sasa likizo. Kanuni zilisema siku 25 hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kule nilikokuwa, 25 zilikuwa siku za kazi, yaani wiki tano kamili. Siku 25 za kalenda ni wiki tatu na siku nne. Ukiondoa siku za mapumziko ya wiki, unabaki na siku za kazi kama 18. Namba ni ileile kwenye karatasi mbili, na tofauti ni siku saba.

Siku saba zina thamani gani? Watu wengi hapa husema "ni likizo tu" wakaendelea na mshahara. Lakini mwaka una wiki 52, na kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki hizo ni siku 260. Tuache sikukuu za umma, kwa kuwa ni zilezile kwa waajiri wote wawili. Tuseme mshahara wangu wa mwaka ulikuwa 100. Kule nilikuwa nafanya kazi siku 260 kutoa 25, yaani 235. Huku ningelipwa 108 kwa siku 260 kutoa 18, yaani 242. Gawanya 100 kwa 235, gawanya 108 kwa 242, linganisha malipo ya siku moja: ongezeko si asilimia 8, ni kama 4.9. Sehemu iliyobaki ningeilipa mwenyewe kwa kufanya kazi siku saba zaidi.

Shangazi alikuwa na swali la pili. "Huo mshahara umegawanywaje?"

Nikafungua mkataba. Asilimia 60 iliitwa mshahara wa msingi, na 40 ziliitwa posho, ya nyumba na ya usafiri. Mfukoni hakuna tofauti, pesa ni pesa. Tofauti inakuja pale kitu kingine kinapokokotolewa kutokana na mshahara. Kifungu cha pensheni kilisema mwajiri atachangia asilimia 10 ya mshahara wa msingi. Kule nilikokuwa, asilimia 10 ilihesabiwa kwenye malipo yote. Kwa hiyo kule mwajiri aliniwekea 10 kwa kila 100. Huku angeniwekea asilimia 10 ya 64.8, ambayo ni kama 6.5.

Ukijumlisha mshahara na mchango wa pensheni, kule ilikuwa 110, huku 114.5. Ukigawanya tena kwa siku za kazi, 235 kule na 242 huku, ongezeko lote linabaki asilimia 1 na ushee kidogo. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Na pensheni si mahali pekee ambapo mshahara wa msingi unajitokeza. Katika mkataba ule, siku za likizo zilizobaki mtu anapoondoka zililipwa kwa kipimo hichohicho, na nyongeza ya kila mwaka pia ilihesabiwa juu yake. Mtu akisikia "nyongeza ya asilimia 5", kumbe ni asilimia 5 ya sehemu tu, kwenye malipo yote inakuwa 3.

Sikuona hila katika haya. Yule dada alinitajia namba aliyoagizwa kuitaja. Mgawanyo wa posho ulikuwepo kwa wafanyakazi wote kabla yangu, na kanuni za likizo ziliandikwa na mtu ambaye pengine aliondoka siku nyingi. Lakini nilikuwa naacha mahali ninapofahamika, niende kuanza upya katika muda wa majaribio, kwa asilimia 1.

Kabla ya kuandika chochote niliangalia sheria ya kazi inasema nini juu ya likizo, ili nisiombe kama hisani kitu ambacho tayari ni haki. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, na sikukuu za umma hazihesabiwi ndani ya wiki hizo. Unasema pia kwamba makubaliano ya mfanyakazi kuachia kiwango hicho cha chini ni batili au ni marufuku, kulingana na hali ya nchi. Unazibana nchi zilizouridhia tu, na kila nchi ina sheria yake, nyingine ikitoa zaidi. Kilicho ndani ya sheria hakipatanwi. Mapatano yanaanzia juu ya hapo, na siku 18 zilikuwa juu ya hapo, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia. Nilikuwa na wa kumwomba.

Jambo la tatu lilikuwa mafunzo, na hili nilikuwa na donda nalo. Miaka ya nyuma, kwa mwajiri mwingine, niliahidiwa kwenye usaili kwamba baada ya miezi sita nitalipiwa kozi ya kitaaluma niliyokuwa naililia. Aliyeahidi alikuwa mkuu wa kitengo, mtu mwema kabisa, na naamini alikusudia. Mwezi wa tano akahamishwa. Aliyekuja hakujua lolote, na mimi nilipofungua mkataba wangu nikakuta kifungu karibu na mwisho, ambacho nilikuwa nimekiruka: mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili na unafuta maelewano yoyote yaliyotangulia, ya mdomo au ya maandishi. Kifungu hicho kimo katika mikataba mingi sana. Maana yake ni kwamba siku unaposaini, kila "usijali, hilo tutaliangalia ukishaanza" linakufa, na wewe mwenyewe umetia saini ya kuliua.

Safari hii mkataba ulitaja mafunzo wenyewe, ila kwa sentensi moja: "Mfanyakazi atakayeacha kazi kabla ya miezi 24 kwisha atarejesha gharama zote za mafunzo aliyolipiwa." Kozi niliyoitaka ilikuwa na gharama ya karibu mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Nilikaa na sentensi ile jioni nzima. Kila neno lake lina mlango.

"Atakayeacha kazi" haisemi kwa uamuzi wa nani. Mwajiri akipunguza wafanyakazi mwezi wa kumi, je, nimeacha? "Kabla ya miezi 24" haisemi inaanza kuhesabiwa lini, siku ya malipo au siku ya kumaliza mtihani, na kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miezi. "Gharama zote" inaweza kuwa ada, na inaweza pia kuwa nauli, malazi na hata mshahara wa siku ulizokaa darasani. Kubwa kuliko yote, deni halipungui. Aliyekaa miezi 2 na aliyekaa miezi 23 wanadaiwa sawa, ingawa mwajiri amefaidi ujuzi wa huyu wa pili kwa karibu miaka miwili. Kifungu cha namna hiyo ni mkopo usio na marejesho ya kila mwezi. Unakaa pembeni, unasubiri siku utakayopata kazi nzuri zaidi.

Sikutaka kifungu kifutwe. Mwajiri anayelipia kozi ana haki ya kuogopa kwamba nitaondoka na cheti wiki inayofuata. Nilitaka kiwe na ngazi za kushuka.

Hapa shangazi alinizuia nisipige simu. "Andika, tena mara moja," alisema. Kwa uzoefu wake, kinachowachosha waajiri ni kuomba kidogo kidogo: leo siku za likizo, wakikubali kesho unaleta pensheni, wakikubali keshokutwa mafunzo. Anayekujibu lazima apeleke kila ombi juu kwa mkubwa wake, na safari ya tatu anarudi na sura nyingine. Peleka yote pamoja, sema lipi lina uzito, na sema wazi kwamba ukipata hayo unasaini. Mtu wa rasilimali watu anahitaji kitu cha kumwambia mkubwa wake, na "atasaini Ijumaa" ni kitu kizuri cha kumwambia.

Niliandika hivi, nimefupisha kidogo:

"Asante kwa ofa, na kwa kunitumia mkataba na kanuni. Kazi hii naitaka. Kuna mambo matatu ambayo tukielewana nitarudisha mkataba uliosainiwa Ijumaa. Kwanza, kwa sasa nina likizo ya siku 25 za kazi, na kwa kanuni zenu nitakuwa na kama 18. Naomba nibaki na 25. Pili, mchango wa pensheni ninaopata sasa unahesabiwa kwenye malipo yote. Naomba iwe hivyo, au tofauti hiyo ifidiwe kwa njia nyingine. Tatu, naomba kozi niliyoitaja kwenye usaili iandikwe kwenye mkataba, na kifungu cha kurejesha gharama kirekebishwe kama nilivyopendekeza hapa chini. Mwisho, nina safari ya kifamilia ya siku tano katika mwezi wa pili wa ajira, ambayo ningependa ikubaliwe sasa."

Ile ya mwisho ni ndogo lakini usiisahau. Kanuni zao, kama nyingi, zilisema hakuna likizo ndani ya miezi mitatu ya majaribio. Kabla ya kusaini, siku tano zile ni sentensi moja tu kwenye barua. Baada ya kuanza kazi, ni mfanyakazi mgeni anayeomba ruhusa wiki ya sita.

Mshahara wenyewe sikuugusa, na kuna watakaosema nilikosea. Yule dada alikuwa ameniambia ngazi yangu ya mshahara imefika mwisho, nami nilimwamini, kwa sababu wenye cheo kama changu pale hawawezi kugundua kwamba mgeni amewapita bila zogo kuzuka. Kama angesema "tuna nafasi kidogo", ningeanza na mshahara, maana karibu kila kitu kingine hupandia juu yake. Siku za likizo na mafunzo zinatoka mfuko mwingine. Siku haitoki kwenye sanduku la fedha kabisa. Gharama yake ni kwamba mtu fulani atashika kazi yako usipokuwepo. Ndiyo maana nilimwandikia nakala mkuu wa idara ambaye angekuwa bosi wangu. Yeye ndiye angebeba gharama hiyo, na yeye ndiye alikuwa na kiti kitupu tangu miezi minne iliyopita.

Alinipigia siku hiyohiyo. "Hizi siku 25 unazitumia zote kweli?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, zote. Lakini sijawahi kuchukua zaidi ya wiki mbili mfululizo, na napanga mapema." Akacheka. Nadhani jibu hilo lilisaidia kuliko barua yote, kwa sababu alichoogopa hakikuwa jumla ya siku, alikuwa anawaza mwezi mzima bila mtu.

Majibu rasmi yalikuja baada ya siku tatu. Pensheni, hapana: kanuni za mfuko ni moja kwa wote, na hata wangetaka wasingeweza kumbadilishia mtu mmoja. Niliielewa sababu. Likizo, siku 22 za kazi. Safari ya mwezi wa pili, sawa. Mafunzo, sawa kwa kozi na sawa kwa kifungu kipya, kama fidia ya pensheni. Ukirudia ile hesabu kwa siku 22, ongezeko linapanda kutoka asilimia 1 hadi kama 2.8, bila kuhesabu kozi. Kozi sikuiingiza kwa makusudi. Ada ya mara moja haifanani na mchango wa pensheni unaoingia kila mwezi na kukua kwa miaka, na mtu asijidanganye kwamba vimelipana. Kwangu ilitosha kwa sababu bila cheti kile nisingeweza kupanda cheo popote.

Kifungu kilichoingia kwenye mkataba kilisema: kinachorejeshwa ni ada ya kozi tu, deni linapungua kwa sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi kamili tangu ada ilipolipwa, baada ya miezi 12 limekwisha, na hakuna deni ikiwa mwajiri ndiye anayesitisha ajira bila kosa la mfanyakazi. Kwa hiyo ningeondoka kwa hiari baada ya miezi 9, ningerudisha sehemu tatu za kumi na mbili, yaani robo ya ada. Kwa kifungu cha awali ningerudisha yote, pamoja na chochote kingine ambacho mhasibu angekiita gharama.

Nilikaribia kusaini, nikampelekea shangazi. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: "Na utasoma saa ngapi?"

Kozi ilikuwa kila Ijumaa kwa wiki 10. Mkataba ulisema watalipa ada. Haukusema lolote kuhusu hizo Ijumaa 10, na kanuni zilisema kutokuwepo kazini kwa sababu yoyote isiyo ugonjwa kunakatwa kwenye likizo. Siku 22 nilizozipigania zingekuwa 12. Niliandika mara nyingine, nikiomba radhi kwa kuvunja ahadi yangu ya kutorudi na ombi jipya, nikaomba sentensi moja iongezwe: siku za masomo na mitihani zihesabiwe kuwa siku za kazi. Iliongezwa ndani ya saa moja. Nafikiri hawakuwa wamekusudia vinginevyo. Hakuna aliyekuwa amewaza tu.

Nilisaini, nikasubiri nakala yenye saini yao irudi mkononi, ndipo nikaandika barua ya kuacha kazi. Siku hizo nne za kusubiri zilikuwa ndefu, lakini ofa inaweza kuondolewa kabla ya saini ya pili, na mtu aliyekwisha kuaga hana tena mahali pa kupatania.

Miezi 14 baadaye yule mkuu wa idara aliondoka, kama wanavyoondoka. Aliyekuja aliitisha fomu za likizo za kitengo kizima, akasimama kwenye yangu. Aliniita ofisini akataka kujua nani aliyenipa siku 22 wakati wenzangu wana 18. Nikamletea mkataba, ukurasa wa tatu. Aliusoma, akasoma tena, akanirudishia, akasaini fomu.